Uzi: Mkurugenzi mwenzangu kakopa pauni 20,000 za kampuni bila azimio la wanahisa, na mimi ndiye niliyeidhinisha malipo

pongwe_uk

Wakuu, salaam. Naandika karatasi ya mhasibu ikiwa mezani, na tangu juzi usingizi umenikimbia.

Niko Reading, Uingereza. Mwaka 2019 mimi na swahiba wangu, tuliyekua pamoja Tanga, tulifungua kampuni ya usafi wa maofisi. Wakurugenzi ni sisi wawili. Mimi nina asilimia 40 ya hisa, yeye 35, na dada yake aliyetutolea mtaji wa mashine za mwanzo ana 25. Dada si mkurugenzi, ni mwanahisa tu.

Sasa mhasibu anafunga hesabu za mwaka ulioishia 31 Machi 2025. Kaniletea ukurasa mmoja, juu umeandikwa akaunti ya mkopo ya mkurugenzi na jina la swahiba wangu. Chini yake mistari hii:

14 Mei 2024, pauni 6,000, matibabu ya mama
2 Septemba 2024, pauni 3,000, ada za watoto
21 Novemba 2024, pauni 11,000, nyumba Tanga
Salio analodaiwa: pauni 20,000

Tangu hapo hajarudisha hata peni, ingawa tangu Machi hajachukua nyingine. Mbili za kwanza nilizijua na sikuwa na neno, mama yake ni mama yangu. Ya tatu alinipigia simu: "Kaka nipitishie hiyo, mwezi wa pili narudisha." Benki yetu inataka watu wawili, mmoja aandae malipo na mwingine aidhinishe. Nilikuwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, nikabonyeza.

Mhasibu kaniuliza swali moja tu: azimio la wanahisa liko wapi? Halipo. Hatukujua hata kama linahitajika. Naomba mwenye ujuzi aniambie mkopo huu umesimama wapi kisheria, na je, mimi mwenye hisa nyingi kuliko wao naweza kuukataa sasa? Mhasibu pia kataja kodi, sikumwelewa vizuri.

babu_karani

Kijana wangu, pole. Mimi nilisomea ukatibu wa kampuni London miaka ya 90. Kampuni kumkopesha mkurugenzi wake ni marufuku. Kilichoruhusiwa ni kitu kidogo, pauni 5,000 tu. Hata wanahisa wote wakikubali, haisaidii, na ni kosa la jinai. Mtafute wakili kabla hujasema lolote kwa maandishi.

chapa_kazi_MK

Mzee umemtisha bure. Mimi nina kampuni Milton Keynes, mhasibu wangu aliniambia mkopo chini ya 10,000 hauna shida yoyote, hauhitaji azimio wala kodi. Kwa hiyo hapo 6,000 ni safi, 3,000 ni safi, na ile 11,000 imezidi kwa 1,000 tu. Mwambie arudishe hiyo 1,000 yaishe. Tena wangeigawa mara mbili, 5,500 na 5,500, hata swali lisingekuwepo.

nyali_254

Mimi niko Mombasa na nina hali kama hiyo. Niliweka shilingi zangu 900,000 kwenye kampuni mwaka jana tulipokosa mtaji. Je, wanahisa wangepaswa kuidhinisha kabla sijazitoa? Na nikitaka kujilipa, naruhusiwa?

BiHesabu

Mzee babu_karani, shikamoo. Ulichosoma ndicho kilichokuwepo. Sheria ya Kampuni ya 1985 ilipiga marufuku mikopo hii isipokuwa michache, na 5,000 uliyoitaja ilikuwamo humo. Ila upande wa jinai ulizigusa kampuni za umma na zilizofungamana nazo, si kampuni ndogo kama ya kijana. Marufuku hiyo iliondoka 1 Oktoba 2007, sehemu hii ya Sheria ya Kampuni ya 2006 ilipoanza kutumika. Sasa hakuna kosa la jinai hapa. Kampuni inaruhusiwa kumkopesha mkurugenzi kiasi chochote, ila wanahisa wawe wameidhinisha kwa azimio. Hicho ni kifungu cha 197.

nyali_254, kaka, swali lako ni la upande wa pili wa daftari. Wewe ndiye unayeidai kampuni, na kifungu hiki kinahusu kampuni inapomdai mkurugenzi. Akaunti ni ileile, lakini pesa zako zikiwa ndani wewe ni mdai tu kama wadai wengine, na kulipwa deni lako si kukopa. Angalia tu usichukue zaidi ya ulichoweka, maana siku salio linapovuka sifuri ndipo unageuka mkopaji. Sheria ya Kenya ya 2015 imefuata kwa kiasi kikubwa hii ya Uingereza, ila kwa mambo ya Mombasa muulize mtu wa huko.

Nakuja kwako chapa_kazi, maana kosa lako nalikuta kila wiki. Nimefanya hesabu za kampuni ndogo hapa Uingereza miaka kumi na minne, na hii namba 10,000 imewaumiza watu wengi kwa sababu inaonekana kwenye sheria mbili zisizojuana.

Ya kwanza ni sheria ya kampuni, kifungu cha 207. Inasema azimio halihitajiki ikiwa mkopo huu, ukijumlishwa na mikopo mingine iliyotolewa kwa msamaha huohuo na ambayo bado haijalipwa, hauzidi pauni 10,000. Neno la kushika ni kujumlishwa. Tazama daftari la pongwe_uk. Mei, 6,000 peke yake iko ndani. Septemba, 6,000 na 3,000 ni 9,000, bado iko ndani. Novemba, 9,000 na 11,000 ni 20,000, imetoka nje. Wangeigawa 5,500 mara mbili, ile ya kwanza tu ingefikisha 14,500. Kugawa hakusaidii kitu, kinachosaidia ni kurudisha. Kama swahiba angekuwa amelipa ile 9,000 yote kabla ya Novemba, hesabu ingeanza upya, na hata hivyo 11,000 ingezidi.

Na kinachohitaji azimio si ile 1,000 ya juu. Ni mkopo wote wa Novemba, 11,000 nzima. Ile miwili ya mwanzo imebaki salama pale ilipo.

Ya pili ni sheria ya kodi ya mapato. Huko 10,000 ni kipimo cha faida anayopata mtu kwa kukopeshwa bila riba. Salio likivuka kiwango hicho wakati wowote katika mwaka wa kodi, kampuni inaijaza fomu ya P11D na mkurugenzi anatozwa kodi kwa riba ambayo hakulipa. Serikali inaikadiria kwa kiwango chake rasmi, asilimia 2.25 kwa mwaka wa kodi 2024/25, na 3.75 tangu 6 Aprili 2025. Hiyo haina uhusiano wowote na wanahisa. Azimio zuri kabisa halikuondolei P11D, na P11D iliyojazwa vizuri haigeuki kuwa azimio.

Halafu iko kodi nyingine, ambayo ndiyo kubwa, na yenyewe haina msamaha wa 10,000 kwa mkurugenzi mwenye asilimia 35. Nitairudia jioni nikitoka kazini.

chapa_kazi_MK

Dada, umenishtua. Mimi ni mkurugenzi peke yangu na hisa zote ni zangu. Nadaiwa na kampuni kama 17,000 hivi. Azimio nampelekea nani?

BiHesabu

Unajipelekea mwenyewe, na liandike. Kifungu hakikumwacha nje mwenye hisa zote. Karatasi moja inatosha, ikitaja mkopo ni wa nini, ni kiasi gani, na kampuni inabeba dhima gani, kisha unaliandika azimio, unaweka saini na tarehe kabla pesa haijatoka. Dakika kumi.

Wapo watakaokwambia kwamba mwenye hisa zote akijua na akikubali, ridhaa yake tu ni azimio tosha, kwa msingi wa ile kesi ya Duomatic ya mwaka 1969. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini sheria inataka pia waraka wa maelezo, na mfilisi akija kuichambua kampuni baadaye ataanzia hapohapo, kwamba waraka haukuwepo. Sioni sababu ya kumwachia mtu hoja kama hiyo kwa kukwepa kuandika ukurasa mmoja.

pongwe_uk

Dada nakushukuru sana. Kwa hiyo mkopo wa Novemba ni batili? Naweza kumwandikia kesho kwamba hauhesabiki, arudishe pesa? Mimi ndiye mwenye hisa nyingi.

mwanasheria_mstaafu_Leicester

Ndugu, naingia hapo kwa sababu neno batili litakupotosha. Kifungu cha 213 hakisemi mkopo ni batili tangu mwanzo. Kinasema kampuni inaweza kuutangua. Mpaka itakapofanya hivyo, mkopo upo na deni lipo. Na anayetangua ni kampuni, siyo wewe kama wewe. Kampuni inaamua kwa bodi, na bodi yenu ni watu wawili, mmoja wao ni mkopaji. Hapo mmekwama.

Sasa angalia upande wa wanahisa. Azimio linalotakiwa ni la kawaida, zaidi ya nusu ya kura. Wewe una 40. Yeye ana 35 na dada yake 25, jumla 60. Watu wengi hudhani mkopaji hapigi kura kwenye jambo lake mwenyewe. Kwa azimio la kifungu cha 197, sheria haikumzuia. Anapiga kura kwa hisa zake kama mwanahisa mwingine yeyote. Na dada mtu naye hajazuiliwa.

Zaidi ya hapo kuna kifungu cha 214. Wanahisa wakipitisha azimio la kuuthibitisha mkopo ndani ya muda unaofaa baada ya kutolewa, hauwezi tena kutanguliwa. Sheria haikutaja siku. Je, mwaka mmoja tangu Novemba 2024 ni muda unaofaa? Kwa kampuni ya watu watatu ambao wote wanakutana kila Idi, upande mmoja atasema ndiyo, hawakujua na walipojua walichukua hatua. Upande mwingine atasema mlikuwa na daftari mkononi muda wote. Mimi nimeona hoja zote mbili zikisimama.

Kwa hiyo usimwandikie barua ya kutangua kesho. Unaweza kumtia ukutani, naye akaitisha azimio, akashinda kwa 60, nawe ukabaki na uadui na mkopo uliothibitishwa.

babu_karani

Nimejifunza, ahsanteni. Lakini naona dada mtu angetakiwa kuondolewa, ni mtu aliyeungana na mkurugenzi. Sisi tulifundishwa kuhusu watu waliofungamana naye.

mwanasheria_mstaafu_Leicester

Mzee, umegusa jambo la kweli ila halikai hapa. Kwanza, orodha ya familia ya mkurugenzi kwenye kifungu cha 253 ina mume au mke, watoto, wazazi, na mwenza anayeishi naye kama mke au mume. Kaka na dada hawamo. Pili, orodha hiyo inahusu anayekopeshwa, haihusu anayepiga kura. Na tatu, sharti la azimio kwa mikopo ya watu waliofungamana na mkurugenzi lipo kwa kampuni za umma na zile zinazohusiana nazo, kifungu cha 200. Kampuni ya binafsi iliyo peke yake haiguswi.

chapa_kazi_MK

Basi si angemkopesha mkewe? Azimio halihitajiki na kodi hakuna.

BiHesabu

Hapana kaka, utaingia pabaya. Azimio kweli huenda lisihitajike, ingawa pesa zikipitia kwa mke zikaishia kwa mkurugenzi kuna kifungu kinachonasa mizunguko ya namna hiyo. Kwenye kodi ndiyo hupiti kabisa. Sheria ya kodi inamhesabu mke, mzazi, mtoto, na huko hata kaka na dada wamo.

Nimeahidi kueleza kodi hiyo. Kampuni ya pongwe_uk inamilikiwa na watu wachache, hawazidi watano, na kampuni ya aina hiyo ikimkopesha mwanahisa wake inatozwa kodi chini ya kifungu cha 455 cha Sheria ya Kodi ya Makampuni ya 2010. Kwa mikopo ya mwaka huo wa hesabu kiwango ni asilimia 33.75. Anayelipa ni kampuni, si mkopaji. Yaani pongwe_uk, asilimia 40 ya maumivu ni yako.

Wanachoangalia ni kiasi kilichobaki hakijalipwa miezi tisa na siku moja baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Mwaka wenu uliisha 31 Machi 2025, kwa hiyo tarehe yenu ni 1 Januari 2026. Deni likiwa bado 20,000 siku hiyo, kampuni inalipa 6,750. Likiwa limelipwa lote kabla, kampuni hailipi kitu, ingawa mkopo bado unatajwa kwenye fomu ya CT600A. Likilipwa baadaye, kodi inarudishwa, lakini inasubiri miezi tisa mingine baada ya kuisha kwa mwaka ambao deni lililipwa. Pesa ya kampuni ya usafi, inayolipa mishahara kila Ijumaa, kukaa HMRC, mamlaka ya kodi, muda wote huo ni jambo zito.

Na asije akalipa 20,000 tarehe 20 Desemba halafu tarehe 5 Januari akachukua tena 8,000. Akirudisha 5,000 au zaidi na ndani ya siku 30 akachukua tena 5,000 au zaidi, malipo yale, kwa kiasi alichochukua tena, yanahesabiwa dhidi ya mkopo mpya, na kiasi hicho cha mkopo wa zamani kinabaki kana kwamba hakikulipwa.

mama_wawili_cov

Nimesoma nikalia. Ruhusuni nieleze langu, huenda likamsaidia.

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na mgahawa Coventry. Mgahawa ulikuwa kampuni, mimi mkurugenzi. Kila mwezi nilichukua 600, 700, ya kodi ya nyumba na chakula. Kwangu ule ulikuwa mshahara. Mhasibu tuliyekuwa naye aliuandika kwenye akaunti ya mkurugenzi kwa sababu sikuwa kwenye orodha ya mishahara, na mwisho wa mwaka alikuwa akiufuta kwa gawio. Miaka miwili ya mwisho hakukuwa na faida ya kutoa gawio, kwa hiyo haukufutwa.

Kampuni ilipoingia kwenye ufilisi, barua ya kwanza ya mfilisi haikuuliza juu ya majiko wala friji. Ilisema: akaunti yako ya mkopo inaonyesha unadaiwa pauni 14,600, tafadhali lipa ndani ya siku 14. Nilimwambia ule ni mshahara. Akaniomba hati za mshahara, sina. Akaniomba muhtasari wa kikao, sina. Nalipa 250 kila mwezi mpaka leo.

Kwa hiyo mdogo wangu, hata kama swahiba wako ni mtu mwema, mstari ule hauondoki kwa wema.

pongwe_uk

Dada pole sana, na Mungu amrehemu mumeo. Umenielewesha kitu ambacho mhasibu alinieleza nusu saa bila kunifikia.

Nimeongea na swahiba jana usiku. Amekubali kwamba ni mkopo, hakubishi. Shida ni pesa, ziko kwenye kuta za nyumba Tanga. Ametoa wazo kwamba kampuni itangaze gawio, la kwake lifute deni, kama alivyosema dada hapo juu. Faida ipo, mwaka jana tulibakiwa na kama 41,000 baada ya kodi na ndiyo akiba yote. Inawezekana?

BiHesabu

Piga hesabu kwanza. Hisa zenu ni za aina moja, kwa hiyo gawio linakwenda kwa uwiano wa hisa, huwezi kumpa mmoja. Ili yeye apate 20,000 kwa asilimia 35, kampuni itangaze kama 57,143. Wewe unapata 22,857 na dada 14,286. Mna 41,000. Haifiki, na gawio linalozidi faida inayogawika ni kinyume cha sheria, aliyelipokea huku akijua anapaswa kulirudisha.

Mkitangaza 41,000 yote, kwake ni 14,350. Deni linabaki 5,650, na kampuni inabaki mfuko mtupu. Na kila mmoja wenu anadaiwa kodi binafsi ya gawio, hata yeye ambaye hakuona pesa mkononi.

Kitu kingine, gawio liandikwe kabla ya 1 Januari, kwa tarehe ya kweli. Nimewahi kuletewa karatasi za gawio za "mwezi Juni" zilizochapwa Februari iliyofuata. Sizitii mkono, na nawaomba msimtafute atakayetia.

mwanasheria_mstaafu_Leicester

Pongwe, nilisubiri uulize jambo moja na hujauliza, basi nalisema mwenyewe.

Uliandika kwamba wewe ndiye uliyeidhinisha malipo ya Novemba kwenye simu. Kifungu cha 213 hakimshiki mkopaji peke yake. Kinamtaja pia mkurugenzi mwingine yeyote aliyeidhinisha mkopo. Kampuni ikipata hasara kwa mkopo ule, wewe na yeye mnawajibika kuifidia, pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, akifilisika au akihama, mfilisi anaweza kuja kwako kwa 11,000 nzima.

Ipo kinga. Mkurugenzi aliyeidhinisha haguswi akithibitisha kwamba wakati ule hakujua mazingira yaliyofanya mkopo uwe kinyume cha sheria. Soma vizuri neno hilo: mazingira. Wewe ulijua ni mkopo, ulijua kiasi, ulijua wanahisa hawakukaa. Usichokijua ni kwamba sheria inataka azimio. Kwa maoni yangu kutojua sheria hakuingii kwenye kinga hiyo.

Ndiyo maana nilikwambia usikimbilie barua ya kutangua. Unaposema "kakopa bila azimio", sentensi hiyohiyo inakushika na wewe.

pongwe_uk

Nimeisoma mara tatu. Sina la kusema. Nilibonyeza kwa sababu ni ndugu yangu.

BiHesabu

Usivunjike. Hasara bado haijatokea. Kampuni inadai 20,000 kwa mtu anayekubali anadaiwa na ana kazi. Sasa hivi kitu cha haraka kuliko vyote ni 11,000. Akirudisha hiyo kabla ya mwisho wa Desemba, kinachobaki ni 9,000 za Mei na Septemba, ambazo hazikuhitaji azimio tangu mwanzo. Suala la kutangua linakosa cha kutangua, na wewe unatoka kwenye hatari. Kodi ya kifungu cha 455 inashuka kutoka 6,750 hadi 3,037 na nusu.

Malipo yaende benki, na kwenye maelezo ya muamala iandikwe ni kurudisha mkopo wa 21 Novemba 2024. Usikubali akulipe wewe mkononi.

babu_karani

Na ile 9,000 iliyobaki, iandikiwe mkataba mfupi wa marejesho. Hata kama azimio halitakiwi, deni lisilo na tarehe huzaa ugomvi.

Kidete_carpets

Samahani naingia katikati. Kampuni yangu haikunikopesha, ila imenidhamini benki nilipokopa 28,000 za gari langu binafsi. Hiyo nayo?

mwanasheria_mstaafu_Leicester

Nayo. Kifungu cha 197 kinataja dhamana pamoja na mkopo. Kwa 28,000 uko juu ya msamaha. Peleka azimio la kuthibitisha mapema iwezekanavyo.

pongwe_uk

Wakuu, narudi na taarifa, leo 30 Novemba.

Swahiba ameuza gari lake la kazi na ameongeza akiba ya mkewe. Ijumaa imeingia 11,000 kwenye akaunti ya kampuni, na maelezo ya muamala yameandikwa kama alivyoelekeza BiHesabu. Mhasibu ameiona. Ile 9,000 tumeandikiana 375 kwa mwezi, miezi 24. Kodi ya 3,000 na kitu tutailipa, na taarifa za hesabu zitautaja mkopo wote na marejesho yake. Mhasibu anasema hapo hakuna hiari.

Imebaki jambo moja. Mzee wa Leicester alinishauri kwa ujumbe wa faragha kwamba hata kama 11,000 imerudi, wanahisa wapitishe azimio la kuuthibitisha mkopo wa Novemba, kumbukumbu ikae sawa. Nimeandika azimio la maandishi na waraka wa ukurasa mmoja, nikawatumia wote siku moja: tarehe, kiasi, ulikuwa wa nini, umerudi lini. Mimi na swahiba tumetia saini.

mwanasheria_mstaafu_Leicester

Vizuri. Mna 75 tayari, limepita. Ila elewa mipaka yake: kinachoondoka ni uwezo wa kampuni kuutangua mkopo. Sheria haikuandika kwamba na wajibu wa fidia unafutika. Pesa ikiwa imerudi, hilo kwako si kubwa tena. Dada mtu anasemaje?

pongwe_uk

Hajatia saini. Alinipigia jana, tukaongea saa nzima. Hakuukasirikia mkopo. Ameniuliza kwa nini miaka sita yeye hajaona gawio wala barua ya kikao, halafu anapata waraka wa kwanza wa kampuni siku tunapotaka saini yake. Anataka kuona daftari lote tangu 2019.

Jumamosi nampelekea nyumbani kwake.